Ufupisho bila msomaji: Ripoti moja, bosi, mteja na mtoto

Karatasi ya pili ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE, yaani 102/2, hutenga alama 15 kwa ufupisho. Mtahiniwa hupewa kifungu, akaambiwa afupishe aya fulani kwa maneno 50 au 60, akaachiwa nafasi ya matayarisho na nyingine ya nakala safi. Mwalimu anayesahihisha huwa na orodha ya hoja mkononi. Hoja ikijitokeza anatia tiki, hesabu ya maneno ikizidi anaangalia, na mwishoni anatoa alama kidogo za utiririko. Kazi imekwisha.

Katika shughuli hiyo yote kuna swali moja ambalo mtahiniwa haulizwi: ni nani atakayeusoma ufupisho huu, na akishausoma atafanya nini? Msomaji wake wa pekee ni mtahini, na mtahini tayari amekisoma kifungu kizima. Kwa hivyo mwanafunzi anatoka shuleni akiwa amezoea kumfupishia mtu asiyehitaji kufupishiwa. Siku anapoajiriwa, mdosi anamwambia, “Nipe hii ripoti kwa ufupi, na uandike kitu cha kubandika pale nje kwa wateja.” Anafanya kile alichofunzwa. Anaondoa mifano, anaunganisha sentensi, anahesabu maneno. Kisha anatoa nakala mbili za karatasi ileile.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba ufupisho wa namna hiyo ni nusu ya kazi, na kwamba nusu iliyoachwa ndiyo yenye madhara ikikosewa. Nitaionyesha kwa mfano mmoja tu, ambao nimeutumia darasani kwa wanafunzi wa chuo wanaosomea Kiswahili.

Kabla ya mfano, nadharia kidogo. Wanaofundisha ufupisho, hata wasipomtaja mtu, huwa wanategemea mawazo yaliyotolewa na Walter Kintsch na Teun van Dijk mwaka 1978. Wataalamu hao walieleza kwamba msomaji anapopata kiini cha matini ndefu huwa anatumia kanuni tatu. Ya kwanza ni kufuta: anaacha kile kisichohitajika ili mengine yaeleweke. Ya pili ni kujumlisha: badala ya maembe, mapapai na ndizi, anasema matunda. Ya tatu ni kuunda: mtu aliyekwenda kituoni, akanunua tiketi na kupanda basi, anaambiwa kwa neno moja kwamba alisafiri. Kanuni hizi zinafundishwa, na zinafaa.

Ila kuna jambo lililoachwa njiani. Kintsch na van Dijk hawakusema kwamba kanuni hizo zinajiendesha zenyewe. Walisema zinaongozwa na mfumo wa matarajio na malengo ya huyo anayesoma. Lengo ndilo linaloamua kipi ni muhimu na kipi kifutwe. Sisi tulichukua kisu tukamwacha mshika kisu. Tunamwambia mwanafunzi “ondoa yasiyo muhimu,” naye ana haki ya kutuuliza: muhimu kwa nani, mwalimu?

Sasa tuuangalie mfano. Niliwatungia wanafunzi ripoti ya kurasa kumi kuhusu kisima cha mradi wa maji katika Bonde la Ufa. Mradi wenyewe ni wa kubuni, lakini tatizo lake si la kubuni. Mtu aliyekulia Nakuru, Naivasha, Gilgil au Baringo anawajua watu wenye meno ya kahawia, na anajua kwamba hayo hayasababishwi na uvivu wa kupiga mswaki. Miamba ya volkano ya bonde hilo ina madini ya floraidi yanayoyeyuka na kuingia katika maji ya ardhini. Floraidi ikiwa kidogo huyasaidia meno. Ikizidi, huyaharibu, na ikizidi sana kwa miaka mingi huathiri hata mifupa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isipite miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa.

Katika ripoti yangu, kisima kina kina cha mita 180 na kinatoa maji mengi. Maji hayo hayana vijidudu. Sampuli mbili zilizochukuliwa Januari na Februari, wakati wa kiangazi, zilionyesha floraidi ya miligramu 4.2 kwa lita. Sampuli ya tatu itachukuliwa baada ya mvua. Mtaalamu anapendekeza chujio la mkaa wa mifupa, ambalo hunasa floraidi, kwa gharama ya shilingi 640,000. Anaonya kwamba mkaa huo hushiba baada ya muda na kuacha kunasa, kwa hivyo maji yaliyochujwa yapimwe kila mwezi. Anasema gharama hiyo inaweza kuipandisha bei ya mtungi wa lita 20 kutoka shilingi 5 hadi 7. Na kwa wakati huu ambapo chujio halipo, anashauri watoto wa chini ya miaka 8 wapewe maji mengine ya kunywa na kupikiwa, au ya kisima yachanganywe na ya mvua.

Kwa nini miaka 8? Kwa sababu hadi umri huo, takriban, meno mengi ya utu uzima yanakuwa bado yanaumbika ndani ya ufizi. Floraidi inayozidi huliharibu jino kabla halijachomoza. Likishachomoza na madoa, hakuna maji safi yatakayolirudisha lilivyopaswa kuwa. Hapo ndipo ufupisho mbaya unapogharimu mtu.

Niliwaomba wanafunzi waandike fupisho tatu za ripoti hiyo: moja ya meneja wa mradi, moja ya kubandikwa kwenye kioski cha maji kwa ajili ya wateja, na moja ya kusomewa watoto wa Gredi ya 3. Nitazichambua nilizoziona kwa wingi, bila kumtaja yeyote.

Tuanze na ya bosi. Wengi walianza hivi: “Ripoti inaeleza kwamba kisima kilichimbwa kwa kina cha mita 180. Inaendelea kusema kwamba kina uwezo mkubwa wa kutoa maji. Aidha, imebainishwa kuwa maji hayana vijidudu.” Floraidi ilikuja katika sentensi ya tano au ya sita, na gharama ya chujio ikawa ya mwisho.

Kisarufi, sentensi hizo hazina kosa. Zingepata tiki zake. Kasoro yake ya kwanza ni mpangilio. Mwanafunzi amefuata mpangilio wa ripoti kwa sababu shuleni alifundishwa kufuata mtiririko wa kifungu. Lakini mtaalamu wa maji aliianza ripoti yake na kisima kwa sababu alikuwa anajenga hoja kutoka chini kwenda juu. Meneja hajengi hoja, anatafuta uamuzi. Mita 180 anazijua, maana yeye ndiye aliyelipa mtambo uliozichimba.

Kasoro ya pili ni zile tungo “ripoti inaeleza kwamba” na “inaendelea kusema.” Hizo zinazungumza juu ya ripoti badala ya kuzungumza juu ya maji. Zinakula maneno na zinamweka mwandishi pembeni, kana kwamba kazi yake ni kushuhudia tu kwamba kuna karatasi mahali inasema kitu. Hebu tuone ufupisho unaomtazama meneja usoni:

“Maji ya kisima chetu yana floraidi miligramu 4.2 kwa lita. Kiwango cha juu kinachopendekezwa ni 1.5. Vijidudu havimo. Mtaalamu anataka tuweke chujio la mkaa wa mifupa kwa shilingi 640,000, kisha tupime maji kila mwezi, kwani mkaa hushiba. Bei ya mtungi inaweza kufika shilingi 7. Tunahitaji uidhinishe fedha hizo, au uamue tusiuze maji haya kama ya kunywa hadi zipatikane. Wateja bado hawajaarifiwa, na watoto wa chini ya miaka 8 ndio walio hatarini zaidi. Vipimo ni viwili tu, vyote vya kiangazi. Cha tatu kitafanywa baada ya mvua.”

Hapo meneja anajua shida, ukubwa wake, gharama, anachotakiwa kufanya na asipofanya itakuwaje. Tazama pia sentensi ya mwisho. Wanafunzi karibu wote waliifuta ile habari ya sampuli mbili, kwa kuiona kama maelezo ya ziada. Kwa meneja si ya ziada hata kidogo. Anayetoa shilingi 640,000 anahitaji kujua msingi wa uamuzi wake una uzito gani, ili bodi ikimuuliza asibaki kukuna kichwa. Tarakimu ikifupishwa ikaachwa bila kiasi cha uhakika wake, inaonekana imara kuliko ilivyo.

Twende kwa mteja. Hapa ndipo lugha ilipoanza kuteleza. Tangazo moja lilisema: “Tungependa kuwahakikishia wateja wetu wapendwa kwamba maji yetu ni salama na hayana vijidudu. Hata hivyo, viwango vya madini fulani vimepatikana kuwa juu kidogo na hali inaendelea kufuatiliwa. Ahsanteni kwa kutuunga mkono.”

Kila kishazi hapo kina chimbuko lake katika ripoti, na jumla yake ni uongo. Neno “salama” lilikuwa linahusu vijidudu, lakini katika sentensi hiyo limetandazwa likafunika maji yote. “Madini fulani” ni matumizi ya kanuni ya kujumlisha, lakini mteja amejumlishiwa kitu kilekile alichopaswa kukijua kwa jina. “Juu kidogo” haiwezi kusemwa juu ya 4.2 dhidi ya 1.5, ambayo ni karibu mara tatu. Kisha ije kauli ya kutendwa: vimepatikana, inafuatiliwa. Na nani? Lini? Kauli ya kutendwa ina kazi zake nzuri katika Kiswahili, lakini katika matangazo ya umma imekuwa pazia. Mtenda amefichwa, na pamoja naye umefichwa wajibu.

Nilimuuliza darasa zima swali moja tu kuhusu tangazo hilo: mama aliyebeba mtungi na ana mtoto wa miaka mitatu mgongoni, akishalisoma, atafanya nini tofauti na jana? Jibu lilikuwa kimya. Hatafanya lolote. Atachota, atalipa shilingi 5, atakwenda zake. Ufupisho ulioandikwa kwa ajili yake haukumfaa kwa chochote.

Waliojaribu kuwa wakweli zaidi nao walianguka mahali pengine. Waliandika: “Maji yana floraidi nyingi. Tafadhali chemsha kabla ya kunywa.” Maneno hayo ya mwisho hayakuwemo katika ripoti. Yalitoka katika mazoea, kwa sababu tangu utotoni tangazo lolote la maji tulilolisikia lilimalizikia kwa kuchemsha. Kumbe kuchemsha kunaua vijidudu tu. Floraidi haifi wala haitoki na mvuke. Maji yakichemka yanapungua, floraidi inabaki palepale, na kila kikombe kinakuwa na floraidi zaidi ya kilivyokuwa. Mama mtiifu atakayechemsha kwa muda mrefu atakuwa amemwongezea mwanawe madhara. Hilo linatufundisha jambo kuhusu kanuni ya kuunda: akili ikikutana na habari ya kawaida, hujaza pengo kwa kile inachokitarajia. Kwa hivyo baada ya kufupisha ni lazima mtu arudi kwenye matini asilia na kuulizia kila kitenzi cha amri: hiki kimetoka wapi?

Tangazo la mteja lingeweza kuwa hivi:

“Maji ya kioski hiki yana madini ya floraidi kupita kiwango. Ya kufua, kuoga na kuosha vyombo hayana shida. Mtoto wa chini ya miaka 8 asiyanywe yakiwa peke yake wala asipikiwe nayo, kwa sababu meno yake ya utu uzima yanaweza kuota yakiwa na madoa yasiyotoka. Hata mtu mzima asiyategemee kwa kunywa miaka na miaka. Kuyachemsha hakuondoi floraidi. Ukiwa na maji ya mvua, yachemshe hayo, kisha changanya kikombe kimoja cha kisima na viwili vya mvua. Tumeomba fedha za chujio. Likiwekwa, mtungi unaweza kuwa shilingi 7, na matokeo ya vipimo yatabandikwa hapa kila mwezi.”

Kipimo cha kikombe kimoja kwa viwili kinatokana na hesabu rahisi. Maji ya mvua yana floraidi kidogo mno, karibu na sufuri. Ukigawanya 4.2 kwa tatu unapata 1.4, chini kidogo ya 1.5. Mteja hahitaji hesabu hiyo, anahitaji kikombe. Lakini mwandishi asiyeifanya hiyo hesabu hawezi kumpa kikombe sahihi. Angeandika “changanya na maji ya mvua kiasi,” na kila nyumba ingekuwa na kiasi chake. Nusu kwa nusu, kwa mfano, ingeacha 2.1. Mara nyingi maandishi rahisi zaidi ndiyo yanayodai mwandishi aielewe zaidi ile matini ngumu.

Ona pia kwamba kitenzi “chemsha” kimerudi, lakini kwa maji ya mvua, ambayo hutiririka juu ya mabati yenye uchafu wa ndege na vumbi. Neno lilelile ni kosa kwa maji ya kisima na ni la lazima kwa yale mengine. Orodha ya hoja yenye tiki isingetambua tofauti hiyo.

Sasa mtoto. Hapa wanafunzi waligawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilidhani kuandikia mtoto ni kuzidi kufupisha. Wakaandika: “Maji ya kisima ni mabaya. Usinywe.” Mtoto akiambiwa hivyo ataogopa hata kuyaoga, au ataona wakubwa wanayanywa na kuamua kwamba kitabu kinadanganya. Kundi la pili lilikuwa na vipaji. Walitunga hadithi ya jini aitwaye Floraidi aliyeishi kisimani, akang'ang'ania meno ya watoto, mpaka mama mmoja jasiri akawasha moto, maji yakatokota, na jini akatoroka na moshi. Hadithi tamu kwelikweli. Lakini mnaona lilikopotelea jambo. Mtoto atasahau mengine yote abaki na moto uliomfukuza jini. Utamu wa hadithi umeufanya uongo ukae zaidi kichwani.

Mtoto wa Gredi ya 3 ana miaka minane au tisa. Hanunui maji, hachagui chujio. Lakini kuna mambo yaliyo katika uwezo wake: ndoo anayochota maji ya kunywa, anachompa mdogo wake akisema ana kiu, na anavyomtazama mwenzake mwenye meno ya kahawia. Ufupisho wake ujengwe juu ya hayo:

“Maji ya kioski yanaonekana safi, lakini ndani yake mna kitu kisichoonekana. Umewahi kuweka chumvi ndani ya maji ukakoroga? Chumvi hupotea machoni, lakini ukionja unajua bado imo. Kitu hiki kinaitwa floraidi. Nacho kimo, ingawa hakina ladha ya kukuonya. Kikiwa kidogo kinasaidia meno. Kikiwa kingi, meno yanayokua chini ya ufizi hutoka na madoa. Kwa hivyo, ukitaka kunywa, chota kwenye ndoo ambayo mama au baba ameitia alama. Mdogo wako akiwa na kiu, mpe ya ndoo hiyo pia. Maji ya kioski ni ya kuoga na kufua. Na ukimwona mwenzako ana meno ya kahawia, usimcheke. Hakukosa kupiga mswaki. Ni maji aliyokunywa alipokuwa mdogo.”

Mwalimu wa ufupisho atanishika shati hapo. Kanuni ya darasani inasema usiongeze jambo lisilokuwamo katika kifungu. Ripoti haikutaja chumvi, haikutaja ndoo yenye alama, haikusema usimcheke mwenzako. Na ufupisho wa mtoto umekuwa mrefu kuliko wa bosi!

Nakubali kwamba umekuwa mrefu, na ndivyo unavyopaswa kuwa. Meneja ana maarifa ya awali yanayojaza mapengo. Ukimwambia “floraidi 4.2” anaelewa. Mtoto hana pa kulitundikia neno hilo, kwa hivyo lazima umtafutie msumari, na chumvi ndiyo msumari wenyewe. Kilichofupishwa ni idadi ya mambo anayoambiwa: katika ripoti yenye mambo arobaini amepewa manne. Maneno ya kuyaeleza hayo manne yameongezeka. Kupima ufupisho kwa hesabu ya maneno pekee ni kuchanganya mambo na maneno.

Kuhusu kuongeza, tutofautishe nyongeza ya aina mbili. Chumvi ni daraja: haidai jambo lolote jipya kuhusu maji ya kisima, na ukiiondoa ripoti haibadiliki. Moto uliomfukuza jini ni dai: unasema kitu kuhusu floraidi, na kitu hicho ni kinyume cha ripoti. Kanuni ya “usiongeze” ilikusudiwa kuzuia ya pili, lakini tulivyoifundisha imezuia zote mbili.

Kuna pingamizi nyingine nzito zaidi. Mtu atasema: ukimruhusu mwandishi ampe kila msomaji toleo lake, umempa kibali cha kusema hili kwa mkubwa na lile kwa mdogo. Si ndivyo wananchi wanavyofichwa mambo kila siku? Pingamizi hiyo ina uzito, na jibu lake si kurudi kwenye ufupisho mmoja wa wote. Jibu ni kuwa na kipimo.

Kipimo ninachowapa wanafunzi ni hiki. Waweke wasomaji wote watatu kwenye meza moja, kila mmoja asome karatasi ya mwenzake. Kisha uulize: kuna yeyote ambaye angetenda tofauti kama angekuwa na karatasi ya jirani yake? Mteja akisoma ya meneja atakuta kwamba vipimo ni viwili tu na cha tatu kinasubiriwa. Habari hiyo haibadilishi anachopaswa kumnywesha mtoto leo. Kuiacha nje ya tangazo lake kulikuwa kufupisha. Lakini mwanafunzi mmoja aliliacha suala la bei nje ya tangazo la kioski, “ili wateja wasiudhike,” kama alivyojieleza. Mteja akikuta shilingi 7 kwenye karatasi ya meneja atasema, “Kumbe mlijua!” Angepanga bajeti yake tofauti, au angenunua pipa la kukingia mvua mapema. Kumwachia hilo nje hakukuwa kufupisha tena. Kulikuwa kuficha.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Kinafanya kazi pale ambapo kitendo cha msomaji kinajulikana. Ukiwa na mkataba wa kazi au hati ya kukodi shamba, hujui ni kifungu kipi kitakachomgusa mtu miaka mitano ijayo, kwa hivyo ufupisho wowote wa hati hiyo uambatane na hati yenyewe na useme wazi ni mahali gani pa kuangalia. Hata tangazo la kioski lingekuwa bora zaidi likiongeza mstari mmoja kwamba ripoti kamili inapatikana ofisini kwa yeyote anayetaka kuisoma.

Nirudi kwenye mtihani. Watunzi watasema ni vigumu kusahihisha fupisho zenye wasomaji mbalimbali kwa maelfu ya watahiniwa. Sioni ugumu huo. Swali lingeweza kusema: “Wewe ni karani wa mradi wa maji. Ukitumia habari za aya ya tatu na ya nne, waandikie wateja tangazo la maneno 60.” Mwongozo wa kusahihisha ungekuwa na orodha yake kama kawaida: jina la madini, walio hatarini, matumizi yanayofaa, kwamba kuchemsha hakusaidii, na kipimo cha kuchanganya. Ungeongeza vitu viwili tu. Alama ipungue kwa kila dai lisilokuwamo katika kifungu, na ipungue pia kwa kila hoja iliyoingizwa ambayo msomaji aliyetajwa haina kazi kwake, kama ile ya mita 180. Mwaka unaofuata msomaji awe meneja, mwingine awe mtoto.

Na kwa walimu wasioweza kusubiri baraza la mitihani libadilike, kuna zoezi la dakika tano. Mwanafunzi akimaliza ufupisho wake, ampe mwenzake ambaye hajakisoma kifungu. Mwenzake asiulizwe ameelewa nini, maana kila mtu husema ameelewa. Aulizwe: kesho asubuhi utafanya nini? Akijibu sawa na ambavyo angejibu baada ya kusoma kifungu kizima, ufupisho umefaulu, hata kama umezidi maneno matatu. Akijibu kwamba atachemsha maji, arudishiwe mwenyewe akaanze upya.